Barua Pepe ya Mwombaji wa Bukima

Mwaka ule nilikuwa nimeshakaa bila ajira kwa muda mrefu kiasi kwamba watu wa mtaa wetu Musoma walikuwa wameacha kuniuliza. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mtu akikuuliza kila siku kama umepata kazi, unaudhika, lakini akiacha kuuliza ujue ameshakuweka kwenye fungu la waliokwisha.

Kabla ya hapo nilikuwa karani mpigachapa Bunda, katika ofisi iliyohusika na ununuzi wa pamba. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa kila mwenye gari na mizani, ofisi yetu ilikosa cha kununua, na makarani tukakosa cha kuandika. Siku moja niliitwa kuchapa barua za kupunguza wafanyakazi. Nilizichapa kwa uangalifu wangu wote, bila kosa hata moja, na ya kumi na moja ilikuwa yangu. Mpaka leo najiuliza ni mtu wa namna gani anayechapa barua ya kujifukuza mwenyewe na kuhakikisha pambizo zimenyooka. Basi mtu huyo ni mimi.

Mume wangu alikuwa ameondoka kwenda Buhemba kutafuta dhahabu, akaipata au hakuipata sijui, maana yeye mwenyewe sikumpata tena. Binti yangu nilimpeleka Butiama kwa mama. Mama alikuwa na mguu uliokuwa ukivimba kila masika, na shamba la mihogo na mtama lililowalisha wote wawili. Mimi nikabaki mjini nikitafuta. Niliwaahidi kwamba nikipata kazi nitawachukua wote tukaishi pamoja, mama apate hospitali karibu, mtoto asome. Ahadi hiyo niliirudia kila nilipokwenda kuwaona, hadi ikanichosha mdomoni.

Wakati huo ndipo intaneti ilipoingia Musoma. Mzee mmoja, mswalihina, mvaa kofia safi ya kazi ya mkono, alifungua chumba chenye kompyuta mbili na laini moja ya simu. Zamani alikuwa mtuma simu za maandishi, akigonga salamu za misiba na harusi za watu nchi nzima. Naye alipunguzwa, akachukua kiinua mgongo chake akanunua mitambo ile. Tulielewana haraka, kama watu wawili waliovunjikiwa na chombo kimoja. Alinipa meza mlangoni, nikawa nachapa barua za wateja: maombi ya kazi, maombi ya uhamisho, malalamiko ya mipaka ya viwanja. Sikuwa mwajiriwa wake. Nilikula nilichochapa, na siku nyingine sikuchapa kitu.

Ndipo tangazo likatoka gazetini. Mradi mmoja wa maji wenye makao yake Mwanza ulikuwa unafungua ofisi Bunda na ulitaka karani mpigachapa. Nafasi moja. Nililisoma tangazo lile mpaka nikalijua kwa moyo. Bunda! Mji niliojua kila mlango wake, kazi niliyoifanya nusu ya maisha yangu. Mwisho wa tangazo waliandika kwamba mwenye barua pepe aitaje, ili ajibiwe mapema. Mzee akanifungulia anwani siku hiyohiyo. Nikachapa barua yangu ya maombi, chini nikaweka anwani yangu mpya kwa fahari, nikaituma kwa posta, nakala nikaihifadhi kwenye flopi, kile kidiski cha kompyuta.

Siku ya pili yake akaja mwanamke kijana kutoka Bukima, kule rasini. Alikuwa na cheti cha kidato cha nne na cha upigachapa, amevifunga ndani ya kanga kama mtu aliyebeba mayai. Alinyoosha kipande cha gazeti. Tangazo lilelile.

"Dada, nimeambiwa unaandikaga barua nzuri," akasema. "Niandikie na mimi."

Ningeweza kumwambia nina kazi nyingi. Sikumwambia. Nilikuwa na kiburi cha kazi, na mtu akishakusifia kazi yako utafanya nini? Nikafungua faili langu, nikafuta jina langu nikaandika lake, nikafuta Musoma nikaandika sanduku la posta la shule ya msingi ya kijijini kwake. Nikaongeza na sentensi mbili nzuri kuhusu jinsi alivyokuwa akiandika mihtasari ya vikao vya kamati ya maji ya kijiji. Alipoisoma alicheka kwa furaha, akauliza kama kweli huyo ni yeye. Nilimwandikia barua nzuri kuliko yangu, na nilijua hivyo wakati naichapa.

Kitu kimoja sikukifuta. Kule chini kabisa, chini ya sahihi, ilibaki anwani ya barua pepe. Yeye hakuwa na barua pepe, hakujua hata ni kitu gani, kwa hiyo alipoona mstari ule hakushangaa. Akatia sahihi, akaenda kutuma.

Baada ya hapo nilianza kuishi roho juu. Kila siku mzee alikuwa akinifungulia barua yangu mara moja, bure, mchana laini inapokuwa nyepesi. Tulikaa tukiisikiliza mashine ikilia na kukoroma mpaka ipate njia. Kila siku hamna kitu. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Jumatatu moja kukawa na kitu. Jina la mradi lilikaa pale kwenye skrini, jeusi, nene. Nikashindwa kubofya, mzee akanibofyia.

"Ndugu Mwombaji," nikasoma. "Rejea barua yako ya maombi ya kazi ya karani mpigachapa katika ofisi yetu ya Bunda. Tunayo furaha kukuarifu kwamba umechaguliwa kufika kwenye usaili siku ya Ijumaa saa tatu asubuhi, katika jengo la ofisi, Bunda. Baada ya kupitia maombi yote, tumeona kwamba..."

Hapo umeme ukakatika.

Skrini ikawa nyeusi, feni ikasimama, na mtaani watu wakaguna kwa pamoja kama walivyozoea. Mzee alisema ni mgawo, hautarudi mpaka kesho. Sikujali. Nilichohitaji nilikuwa nimekisoma. Mzee alinishika mkono kwa mikono yake miwili akanipongeza, nami nililia mbele yake bila aibu, kamasi na machozi pamoja. Sikusubiri hata kurudi nyumbani. Nilipata gari la mizigo linalokwenda Butiama, nikafika jua likiwa bado lipo.

Mama alikuwa uani anamenya mihogo. Nilimwambia nimepata kazi. Naomba mnisikilize vizuri hapa: sikusema nimeitwa kwenye usaili. Nilisema nimepata kazi. Usaili wa kazi niliyoifanya miaka yote ile, katika mji ule, niliuona kama mlango ulio wazi unaosubiri tu niupite. Mama aliacha kisu, akainua mikono, akaanza kuimba wimbo wa kwaya yao ya kanisani. Akachinja kuku. Binti yangu aliniuliza kama Bunda shule zina madawati, nikamwambia yapo mengi. Tulilala watatu kitanda kimoja na hakuna aliyetaka kulala.

Jumanne adhuhuri nilikuwa mbele ya kompyuta tena, nikitaka kusoma zile sifa zangu zilizokatizwa na umeme. Niliusoma ujumbe taratibu, nikionja kila neno. Wametaja cheti. Wametaja uzoefu wa kuandika mihtasari ya kamati ya maji ya kijiji.

Mimi sijawahi kukaa kwenye kamati ya maji ya kijiji hata siku moja.

Nilishuka na macho mpaka mwisho. Jina lilikuwa chini kabisa, kwenye mstari wa jalada, pale makarani wanapoliweka ili karatasi isipotee kabatini. Lilikuwa jina la yule mwanamke wa Bukima. Sentensi niliyomtungia mimi ndiyo iliyomwita. Na anwani yangu, niliyoisahau kwa uzembe wangu, ndiyo iliyouleta mwito wake mikononi mwangu.

Mzee alinisemesha mara mbili. Nilipomweleza alivua miwani akaifuta, akaivaa tena, akausoma ujumbe wote.

"Mjibu huyo afisa," akasema mwishowe. "Mwambie amekosea njia, aupeleke kwa mwenyewe."

Nikaanza kuandika, na hapo ndipo balaa. Mimi ni mtu niliyelelewa na barua za ofisi. Nikaweka kichwa cha habari, nikapiga mstari, nikaandika husika na somo hapo juu. Nikamsalimia afisa na familia yake. Nikamweleza kuhusu flopi, na kuhusu umeme. Kisha vidole vikakimbia vyenyewe: nikamweleza kwamba mimi pia niliomba, kwamba nina uzoefu wa miaka mingi, kwamba nina mama mgonjwa wa mguu na binti anayeuliza habari za madawati, kwamba kama ingewezekana, kwa huruma yake, anikumbuke. Nikamaliza na wako katika ujenzi wa taifa, maneno ambayo wakati ule hata serikali yenyewe ilikuwa imeshaanza kuyasahau.

Mzee aliisoma akiwa amesimama nyuma yangu.

"Sasa hii ni barua ya nani?" akaniuliza. "Ya yule dada, au yako?"

Akaelekeza kidole kwenye skrini.

"Afisa ana barua mia mezani. Akifika hapa kwenye mguu wa mama ameshachoka, hajajua bado unataka nini. Na akijua, atasema huyu ameshika barua ya mwenzake anaombea nayo. Futa, dada."

Nilimkasirikia. Nilitaka kumwambia kwamba yeye ana kompyuta mbili na mimi nina meza ya mlangoni, kwa hiyo ni rahisi kwake kufuta. Lakini alikuwa amesema kweli na nilijua. Nikafuta yote. Akanionyesha alivyokuwa akiwafundisha watuma simu dirishani posta zamani, kila neno likiwa na bei yake: toa salamu, toa sababu, baki na jambo. Nikabaki na jambo. Nikaandika: "Ujumbe wenu si wangu. Tafadhali upelekeni kwa mwenyewe. Asante." Tukatuma. Nilihisi kama nimejikata kidole, lakini nimekikata vizuri.

Jumatano mchana kukawa na jibu.

Nakumbuka nilivyojidanganya katika zile sekunde za kufungua. Nilisema labda ameona uaminifu wangu, labda amelitafuta jalada langu. Nikafungua. "Ndugu Mwombaji, samahani kwa usumbufu. Tunakutumia upya mwito wako wa usaili." Na chini yake, ujumbe uleule, siku ileile ya Ijumaa, jina lilelile kwenye mstari wa jalada.

Afisa alikuwa amenisikiliza. Amefungua jalada la yule mwanamke, ametafuta barua pepe ya mwenyewe, ameikuta iliyoandikwa pale, ametuma. Na iliyoandikwa pale ilikuwa yangu. Angeweza kuutuma hivyo hadi mwisho wa dunia na kila mara ungerudi kwangu. Tulikuwa tumekata maneno mpaka tumekata na lile lililohitajika: hatukumwambia kosa liko wapi, wala ujumbe ni wa nani, wala ampate kwa njia gani.

Mzee alikuwa amekwenda msikitini. Nilikuwa peke yangu mle chumbani, na nitasema lililonipitia, maana sina sababu ya kulificha sasa.

Nilijua kazi za makarani. Anayeitwa kwenye usaili asipofika, huchukuliwa wa akiba. Nafasi ni moja, na karani mwenye uzoefu wa Bunda lazima angekuwa kwenye akiba, karibu kabisa na juu. Na mimi nilikuwa nimeshawaambia! Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba ujumbe si wangu. Kama wao wameshindwa kusoma, kosa ni la nani? Nilichotakiwa kufanya ni kutofanya kitu. Kuzima kompyuta, kurudi kwenye meza yangu, kuchapa malalamiko ya viwanja hadi Ijumaa ipite. Hakuna ambaye angejua. Hata Mungu, nilijiambia, alikuwa na nakala ya barua yangu ya kwanza.

Nikatoka nje. Nikatembea mpaka ufukweni, pale wanawake wanapoanika dagaa kwenye nyavu kuukuu. Nilitaka kumchukia yule mwanamke wa Bukima na nikashindwa kupata pa kuanzia. Nilimkumbuka alivyocheka alipoisoma barua yake. Basi nikajichukia mimi, hilo lilikuwa rahisi. Nilijiuliza kwa nini nilimwandikia vizuri vile. Nilijiuliza kwa nini nilimwambia mama. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuzeeka nikiwa kwenye meza ya mlangoni, niliogopa kwamba ile ilikuwa nafasi ya mwisho ambayo dunia ingeniletea, na kwamba ilikuwa imeniletea kwa kunipitishia tu. Nilitamani mtu anikataze kujibu. Kama kungekuwa na mtu wa kunikataza, ningemtii.

Saa kumi kasoro nilirudi. Mzee alikuwa amefika, ameuona ujumbe ukiwa wazi kwenye skrini. Alivuta kiti, akakaa upande ule mwingine, akawa anajifanya kupanga karatasi. Nikaandika, na safari hii sikumuuliza:

"Ndugu Afisa, mwito wa usaili wa Ijumaa umenifikia kwa makosa mara mbili. Mimi siye mwombaji aliyetajwa kwenye jalada. Nilimchapia barua yake na kwa bahati mbaya nikaacha anwani yangu chini. Yeye hana barua pepe. Yuko Bukima, anapatikana kupitia shule iliyotajwa kwenye sanduku lake la posta. Tafadhali mfikishieni mapema kwa njia nyingine, na msitumie tena anwani hii kwa ajili yake. Samahani kwa usumbufu."

Nilihesabu mistari. Mitano na kipande. Hakukuwa na neno hata moja kuhusu mimi isipokuwa kosa langu. Mzee aliinama akasoma, akatikisa kichwa polepole kukubali, akasema, "Hiyo sasa inaondoka." Nikatuma.

Alhamisi asubuhi jibu lilikuwa fupi kuliko langu: "Tumeelewa. Gari la mradi linakwenda Bukima leo, litampelekea barua. Asante kwa taarifa." Nililisoma mara nyingi, nikitafuta ndani yake neno lililoficha jambo. Halikuwepo.

Kwa mama sikwenda. Nilipaswa kwenda siku ileile, ni mwendo mfupi, na sikwenda. Nilituma salamu kwa dereva wa gari la Butiama kwamba nina shughuli. Nilijipa moyo kwamba labda bado wataniita, labda yule mwanamke atashindwa usaili, labda nafasi zitaongezwa, halafu uongo wangu utakuwa kweli na hakutakuwa na haja ya kusema kitu. Wiki mbili zikapita hivyo. Mvua za kwanza zikanyesha.

Kisha yule mwanamke akaja. Alisimama mlangoni, mbele ya meza yangu, amevaa gauni jipya na amebeba kifurushi cha dagaa. Alipiga goti kunisalimia kama tunavyosalimia wakubwa, mimi ambaye sikumzidi hata miaka kumi.

"Dada, nimepata," akasema. "Wale watu waliniambia kwamba ni wewe uliwapa habari niko wapi. Walikuja na gari mpaka shuleni, watoto wote wakatoka darasani kuangalia. Ungekaa kimya ningejua saa ngapi?"

Nilimwambia haikuwa kitu.

"Na wewe uliomba?" akaniuliza ghafla, kama aliyekumbuka jambo. "Maana tangazo ulikuwa unalijua lote."

"Mimi ni mchapaji tu," nikasema.

Alikuwa amekuja nichape barua yake ya kukubali kazi. Nikachapa. Nilipofika chini ya sahihi nilipaacha patupu, nikapaangalia tena na tena, mpaka akauliza kama kuna shida. Aliniachia dagaa, akakataa nimrudishie, akaondoka kwa haraka kuwahi gari la Bunda.

Siku iliyofuata nilibeba dagaa wale kwenda Butiama, kwa kuwa sikuwa na kisingizio tena na sikuwa na kitu kingine cha kubeba. Binti yangu alikuwa shuleni. Mama nilimkuta amekaa kwenye kigoda, mguu ameunyoosha. Vyombo vyake vilikuwa vimefungwa ndani ya magunia mawili kando ya mlango. Sufuria, blanketi, picha ya marehemu baba.

Nikauliza shamba, mbona naona mistari ya mahindi badala ya mtama wake.

"Nimempa baba yako mdogo alime," akasema. "Ameshapanda. Mimi si naenda Bunda? Nilikuwa nakungoja tu unitajie siku."

Nilikaa chini, palepale udongoni, na nikamwambia yote. Nilianza na flopi, nikaenda hadi kwenye gari la mradi. Sikujitetea. Mama alinisikiliza akichambua dagaa kwenye ungo, anatoa changarawe, anatupa kando. Nilipomaliza aliutikisa ungo. Kuku walikuja kuangalia changarawe wakaondoka.

"Ile barua ilivyokuja mara ya pili," akasema, "ungenyamaza, nani angejua?"

"Hakuna."

"Na huyo asingefika, wangemwita nani?"

"Labda mimi. Sina hakika, mama."

"Labda wewe." Alitazama magunia yake, kisha akatazama upande wa shamba, ambako mistari ya mahindi ya baba mdogo ilikuwa imeanza kuonekana. "Mimi nilikufundishaga usishike cha mtu. Nilikuwaga nakuchapa kwa ajili hiyo. Nilikuwa nina shamba wakati ule, nilikuwa nina miguu miwili."

Nilijua anachotaka kusema na nilimwomba kwa macho asikiseme. Mama hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Ungenyamaza, mwanangu," akasema.

Hasira zikanipanda, hasira za mtu aliyefanya jambo gumu kuliko yote maishani mwake na hana wa kumwonyesha. Nikamwambia yule naye ana mama yake huko Bukima, naye alikuwa anangoja.

"Anaye," mama akasema. "Mimi siye mama yake."

Akaingiza mkono kwenye ungo, akaendelea kuchambua dagaa.